Ngazi 140 za Kadutu

Nyumba yangu iko Kadutu, hapa Bukavu, na kutoka barabarani hadi mlangoni kuna ngazi 140. Nimepanda hapo maisha yangu yote bila kuzihesabu. Kifua ndicho kilichonifundisha.

Ilianza kama uzito, kana kwamba mtu ameniwekea tofali katikati ya kifua, na mkono wa kushoto unakufa ganzi hadi kwenye taya. Nikisimama dakika 3 au 4, tofali linaondoka. Hospitalini wakasema ni anjini ya kifua: mishipa ya moyo imebanwa, damu haifiki ya kutosha. Mke wangu alipoambiwa “anjini” akanichemshia tangawizi na limao, kwa sababu kwetu anjini ni ugonjwa wa koo. Sikumlaumu, hata mimi niliwaza koo kwanza.

Nilipewa dawa za kila siku, pamoja na vidonge vidogo vya trinitrini vya kuweka chini ya ulimi maumivu yakija. Kile lazima ukimeze umekaa (samahani, hakimezwi, kinayeyuka), maana kinashusha presha, na kuzimia kwenye ngazi za Kadutu ni kwenda kuokotwa chini kabisa. Niliambiwa pia niache sigara. Nilikuwa navuta 15 kwa siku tangu nikiwa na miaka 22, sasa nina 54. Nikajitahidi, nikashusha hadi 3. Miezi 3 nilikaa hapo, nikarudi kwa daktari kifua mbele, nikitegemea pongezi.

Dokta akaniuliza: “Papa, maumivu yanakukamata ngazi ya ngapi?”

Asubuhi, ya 60. Jioni nafika hata 80.

“Na ile sigara ya asubuhi unaivuta wapi?”

Kwa muuza mkate, chini, kabla ya kupanda. Akacheka kidogo, akavuta karatasi.

Mimi ni fundi bomba. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo yangu tayari: moshi unaacha masizi ndani ya mshipa kama kutu ndani ya bomba, ukipunguza moshi unapunguza kutu, 3 ni sehemu moja ya 5 ya 15, basi hatari imeshuka vilevile. Dokta akasema hesabu ni nzuri ila bomba silo. Bomba ni chuma kimekufa, mshipa ni nyama hai. Ndani umepakwa ngozi nyororo, unene wa seli moja tu, na ngozi hiyo inafanya kazi: inatoa hewa fulani, oksidi ya nitriki, inayouambia mshipa utanuke moyo ukihitaji damu zaidi. Pia inazuia damu isigande. Kemikali za moshi zinapita kwenye mapafu, zinaingia kwenye damu na kuiumiza ngozi hiyo. Mshipa unasahau kutanuka. Mafuta ya damu yanapenya chini ya ngozi, chembe nyeupe zinakuja kuyala, zinavimba na kufia humo. Kinachobaki ni kama jipu lililofunikwa na utando, na limekaa ndani ya ukuta wa mshipa, siyo juu yake.

Jipu likibana njia, unapata tofali langu. Utando ukipasuka, damu inaganda hapo hapo na kuziba njia yote. Huo ndio mshtuko wa moyo, na unaweza kuanzia hata kwenye jipu dogo ambalo halijawahi kukuuma.

Hapo ndipo hesabu yangu ilipoanguka. Dokta alisema kuganda kwa damu hakungoji sigara nyingi. Hata chache zinatosha kufanya zile chembe za kugandisha ziwe na gundi, na moshi wa mtu mwingine chumbani nao unafanya hivyo. Ndiyo maana anayevuta sigara 1 kwa siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Nikamwambia hiyo haiwezekani. Akanipimia kwa mifuko ya simenti, kwa kuwa anajua kazi yangu. Tuseme asiyevuta amebeba mfuko mmoja: umri, presha, damu ya ukoo. Mvutaji amebeba miwili. Mimi na 3 zangu nilidhani nimebaki na kipande kidogo cha ule wa pili, kumbe nilikuwa bado na zaidi ya nusu yake mgongoni.

“Na nikiacha kabisa?”

Mwaka mmoja, akasema, na huo mfuko wa pili unapungua kama nusu. Sehemu ya kwanza inashuka haraka kwa sababu ni ya damu: gundi inapungua ndani ya siku na wiki. Sehemu ya jipu inakwenda polepole. Utando unakomaa, lakini jipu haliyeyuki likaisha. Mpaka mfuko wote utoke ni miaka kama 15. Halafu akaongeza jambo ambalo sikulipenda: mimi tayari nina ugonjwa, kwa hiyo mfuko wangu wa kwanza ni mzito kuliko wa jirani, na huo hautoki kwa kuacha sigara. Hata hivyo, kati ya wagonjwa wa moyo, wanaoacha wanakufa pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko wanaoendelea.

Kuhusu ngazi ya 60 maelezo yalikuwa mepesi. Moshi una monoksidi ya kaboni, ambayo inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200. Wakati huohuo nikotini inaufanya moyo kupiga mbio. Yaani kwa muuza mkate nilikuwa namwongezea punda mzigo huku nikimnyima majani, kisha nampandisha mlima. Ile kaboni inapungua nusu katika saa 4 au 5 hivi, na ndani ya siku moja au mbili karibu yote imetoka. Akanikumbusha pia jiko la makala ndani ya chumba cha kupikia kilichofungwa, linatoa sumu hiyohiyo. Tumelihamishia uani.

Niliacha Jumatatu. Dawa zilikuwa zilezile, sikubadilisha hata moja, kwa hiyo ngazi zilikuwa kipimo changu. Siku ya 3 ndiyo ilikuwa mbaya: nilimgombeza kijana wangu wa kazi kwa sababu ya kipande cha tefloni, mpaka mwenye nyumba akatoka kutazama. Lakini asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimefika ngazi ya 85. Baada ya wiki 4 hamu ilipungua, ikabaki inanivamia baada ya chakula tu. Nilihamia kwa muuza mkate mwingine.

Mwezi wa 3 tangu niache, kwenye matanga, nilivuta 2 usiku. Kesho yake tofali lilinikuta kwenye ya 70. Dokta hakunisuta. Alisema nianze tena siku ileile, nisingoje Jumatatu nyingine, na akanirudishia onyo lake la kwanza: maumivu yakija nimekaa, au yakianza ngazi chache kuliko kawaida siku hadi siku, au trinitrini isipoyaondoa ndani ya dakika 5, nisijipime kwa ngazi tena, nikimbizwe hospitali.

Sasa ni mwezi wa 8 tangu ile Jumatatu. Nikibeba mkoba wa vifaa, asubuhi ya baridi, bado nasimama kwenye ya 120. Trinitrini haijatoka mfukoni. Juzi, mikono mitupu, nilisimama kwenye ya 131, kumpisha mama aliyekuwa anashuka na gunia la makala.