Swali la zamani, tarakimu mpya: jinsi nilivyofanya urari ukubali

Mwaka jana nilipowaandalia wanafunzi wangu wa kidato cha nne jaribio la kusahihisha makosa, nilichukua swali la zamani na kubadilisha kiasi cha kila kosa, lakini nikasahau kubadilisha tofauti ya urari iliyotajwa juu ya swali. Akaunti ya muda, inayohifadhi tofauti hiyo hadi makosa yapatikane, haikufungika kwa mwanafunzi hata mmoja, na aliyeligundua hilo hakuwa mimi.

Tangu hapo huanza na jibu na kurudi nyuma hadi kwenye swali. Aina za makosa huziacha zilivyo, kwa kuwa ndizo zinazopimwa, kisha napanga tarakimu. Safari hii, jumla ya kitabu cha mauzo ilipungua 90,000; kodi ya pango ya 64,000 iliingizwa kwenye leja kama 46,000; punguzo lililopokewa la 12,000 liliandikwa upande wa debiti wa punguzo lililotolewa; na samani za 150,000 ziliingizwa kwenye manunuzi.

Kosa la kodi lilinisumbua kuliko mengine. Nilikuwa nimeandika 70,000 badala ya 64,000, bila kukumbuka kwamba tarakimu zikibadilishana nafasi, tofauti yake lazima igawanyike kwa 9. Mwanafunzi anayejua kipimo hicho angekitumia bure. 18,000 inagawanyika, 24,000 haigawanyiki.

Kosa la samani haligusi akaunti ya muda hata kidogo, na huo ndio mtego wake. Punguzo nalo linahitaji 24,000, yaani mara mbili ya kiasi chake, kwa sababu linafutwa upande mmoja na kuandikwa upande wa pili. Kwa hiyo, makosa mawili yaliifanya debiti izidi krediti kwa 90,000 na 24,000, na la kodi likaipunguza debiti kwa 18,000, hivyo tofauti ya kutaja kwenye swali ni 96,000. Nikaweka urari wa awali kuwa debiti 4,386,000 na krediti 4,290,000.

Kwenye mwongozo wa usahihishaji niliandika jumla za kuhakiki kabla ya kugawa alama. Akaunti ya muda inafunguka na salio la krediti la 96,000, inaongezewa kodi 18,000, na upande wa debiti unapokea 90,000 na 24,000. Kila upande unafika 114,000. Urari uliosahihishwa nao ni 4,392,000 pande zote mbili. Hesabu hii ya pili siiruki, maana akaunti ya muda inaweza kufungika vizuri huku punguzo limesahihishwa kwenye akaunti isiyo yake.

Faida ya awali niliiweka 620,000, nayo baada ya marekebisho inakuwa 866,000, mradi swali liseme wazi kwamba uchakavu wa samani usizingatiwe.