Usahihi: 2. Makosa mengi.

Disemba 2018 nilikuwa ofisa wa wafanyakazi katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Moi Avenue. Kila mwisho wa mwaka fomu za tathmini zilipitia mezani kwangu kabla mfanyakazi hajaitwa kutia sahihi. Miaka miwili ya mwanzo nilikagua kama alama zimejumlishwa sawa na kama sahihi ya meneja ipo, basi. Fomu ya dada mmoja, karani wa entri za forodha, zile hati za kutangaza mzigo, ndiyo iliyonifundisha kusoma maneno yenyewe.

Fomu ilikuwa na vipengele vitano, kila kimoja alama 1 hadi 5. Meneja wake alikuwa ameandika hivi: «Kasi: 3. Entri zake ni chache kuliko za mwenzake. Usahihi: 2. Makosa mengi. Kujituma: 2. Tangu arudi mtazamo wake umebadilika. Si mtu wa timu. Aongeze bidii.» Alama mbili za 2 zilitosha kumkosesha nyongeza ya Januari.

Nilisimama kwenye «tangu arudi». Alirudi kutoka wapi? Likizo ya uzazi. Agosti, Septemba na Oktoba alikuwa nyumbani na mtoto, miezi mitatu yenye mshahara kamili ambayo kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa kila mwanamke aliyeajiriwa. Kifungu cha 5 cha sheria hiyo hiyo kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ya ujauzito. Lakini sikutaka kuanza na sheria. Nilimjua yule mzee, meneja wake. Makarani nusu ya ofisi aliwafundisha yeye, na mtoto alipozaliwa mkewe ndiye aliyepeleka doti ya leso. Chuki haikuwamo.

Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikaitoa fomu ya kijana anayekaa meza ya pili, mwenye kazi ile ile, nikaziweka pamoja. Kwake meneja aliandika: «Usahihi: 4. Makosa machache ukilinganisha na wingi wa kazi.» Nikaenda kwa mtunza rekodi kuomba daftari la entri, Januari hadi mwisho wa Novemba. Kijana alikuwa amepeleka entri 462, zikarudi 17 kwa kosa lake. Dada alipeleka 368, zikarudi 13. Ukigawanya, kila entri 1,000 zingerudi kama 37 za kijana na 35 za dada. Yaani «machache» na «mengi» yalikuwa kiasi kimoja. Na kasi je? Kijana alifanya kazi miezi 11, wastani wa 42 kwa mwezi. Dada alifanya miezi 8, wastani wa 46. Meneja alilinganisha jumla kwa jumla, na likizo ikahesabiwa kama uvivu bila mtu kukusudia.

Ila daftari lilikuwa na jambo jingine, na hili nalisema kwa sababu ni rahisi kukagua upendeleo ukaishia kumtetea mtu kwa kila kitu. Katika makosa yale 13, matano yalikuwa ya Novemba pekee. Fomu iliandikwa wiki ya pili ya Disemba. Mzee alikumbuka Novemba, miezi saba ya kwanza ikafutika. Lakini matano ni matano, na mteja wa mzigo mmojawapo alikuwa amelipia siku za kontena kukaa bandarini.

Nikampelekea fomu mwenyewe, mchana, baada ya sala ya adhuhuri.

«Shikamoo mzee.»

«Marahaba mwanangu. Kuna hesabu nimekosea?»

Nikamwekea lile jedwali dogo la mistari miwili. Alilitazama kitambo, akavua miwani. Akasema, «Hebu nione daftari.» Alihesabu mwenyewe kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, nami nikanyamaza. Ilichukua karibu nusu saa.

Alipomaliza nikamuuliza kuhusu mtazamo. «Mzee, ulimwona akifanya nini?»

«Haonyeshi moyo kama zamani.»

«Siku gani, na ilikuwaje?»

Akafikiri. «Saa kumi na moja ikigonga, yuko ngazini. Mwenzake anabaki hadi saa moja.»

Saa kumi na moja jioni ndiyo mwisho wa kazi katika mkataba wake, na yeye anavuka feri ya Likoni kumwahi mtoto. Nikamwambia hilo haliwezi kuwa kosa kwenye fomu. Alikubali, lakini hakuishia hapo, na afadhali hakuishia: mara mbili dada aliondoka na faili iko wazi bila kuacha maelezo, kijana akahangaika usiku kumpigia simu mteja kuuliza karatasi zimefika wapi. Kumbe hilo ndilo lililojificha chini ya «si mtu wa timu». Lilikuwa tukio la kweli, lenye madhara, na mtu anaweza kulirekebisha. Lile neno lililiziba.

Tukarudi kwenye makosa ya Novemba, na hapo mzee ndiye aliyekuwa mwalimu. Aliporudi, dada alipewa mteja mpya wa spea za magari. Ankara iliandika tu «spea», naye akaziweka zote chini ya namba ya HS, ile ya kuainisha bidhaa forodhani, 8708, ya vipuri vya magari. Lakini filta ya oili haikai huko ingawa inafungwa kwenye gari. Kwake ni 8421. Beringi nazo ni 8482. Entri zote tano zilikosewa kwa namna hiyo moja.

«Sasa hilo ulimwambia?»

«Nilisahihisha nikapeleka. Mizigo ilikuwa inangoja.»

Sikumwandikia. Ningeweza, ingechukua dakika kumi, lakini kesho yake dada angeuliza swali na mzee angekuwa anatetea maneno yangu. Nilimwomba tu kila sentensi iwe na tukio, madhara yake, na la kufanya. Alirudisha fomu siku ya pili. Kwenye usahihi sasa kulikuwa na haya: «Novemba entri tano za spea zilirudi kwa sababu filta na beringi ziliwekwa 8708. Kontena moja lilichelewa. Kabla ya kupeleka entri ya spea, omba katalogi na uainishe kila bidhaa peke yake. Kwa wiki nne nitazikagua nawe kabla hazijatoka. Tutapitia matokeo mwisho wa Januari.» Kwenye kujituma: ukiacha faili wazi, andika kwenye ubao imefika wapi na nani anangojwa. Usahihi akampa 3, kasi 4, kujituma 3. Na fomu ya kijana aliichukua tena bila kuambiwa, ile 4 ya usahihi akaishusha iwe 3, akamwandikia na yeye makosa yake kwa tarehe.

Siku ya kikao nilikaa pembeni. Dada aliingia na kalamu mkononi kabisa, kama mtu aliyekwisha amua kutia sahihi aondoke. Akasoma. Alipofika kwenye usahihi alirudia ile sehemu mara mbili, kidole kikiwa juu ya 8421.

«Mzee,» akasema, «na pedi za breki?»

«Hizo ni 8708 kweli.»

«Na hiyo katalogi naiomba kwa mteja, au kwa muuzaji wake?»

Mzee akavuta kiti karibu.