Picha ya geji ilivyoniokoa kwenye tathmini ya ufundi wa viyoyozi

Kabla sijaenda kutathminiwa ili nipewe cheti kwa ujuzi wa kazi ninayoifanya, niliambiwa mengi na watu ambao wenyewe hawakuwahi kutathminiwa. Mmoja aliniambia faili liwe nene, lionekane la mtu mzito. Mwengine akasema nikariri maana ya kompresa na kondensa kama skuli. Basi nikabeba barua ya sheha, nikabeba picha za viyoyozi vyangu vimetundikwa ukutani vinang'aa, nikampelekea fundi mmoja mtu mzima aliyewahi kukaa upande wa watathmini. Akafungua, akafunga. "Mwanangu, barua ya sheha inasema unakaa wapi. Hii mashine inang'aa, lakini nani kaifunga?"

Hapo ndipo nilipoelewa mchezo wenyewe. Mtihani wa kuandika hakuna, kwa hivyo mtathmini hana cha kusahihisha ila ushahidi wako na mdomo wako. Anataka aone kazi ikiwa katikati, mkono wako ukiwa ndani yake, na iwe ya karibuni.

Nikaacha kukusanya kazi nyingi, nikachagua moja na kuifuata mwanzo mpaka mwisho: kiyoyozi cha gesi ya R410A kwenye nyumba ya wageni Jambiani, kilichokuwa kinajazwa gesi kila baada ya muda mfupi na fundi aliyenitangulia. Kujaza tu bila kutafuta panapovuja ni kumla mteja, lakini hayo tuyaache. Kijana wangu alishika simu. Mimi nikabuni jambo ambalo mpaka leo najisifia: kila hatua nilibandika kipande cha tepu ya karatasi pembeni ya geji, nimeandika kwa kalamu tarehe, saa, jina la kazi na joto la pale nje. Picha ikipigwa, maelezo yamo ndani yake, hakuna wa kusema umeitoa kwa mwenzako.

Nilipaka povu la sabuni kwenye viungo, likachemka kwenye nati ya bomba dogo. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka, aliyeukaza alikaza kwa hasira. Nikakata, nikasafisha ukingo, nikautanua upya, picha kila mahali. Kisha nikaingiza nitrojeni mpaka presha ya psi 400, nikafunga valvu, nikaiacha usiku kucha nione kama bado panavuja. Alasiri ile tepu ilisema 400, joto 33. Asubuhi tepu ya pili: 392, joto 27.

Ukumbini mtathmini alipita kurasa zangu harakaharaka, akafika hapo akatua. Faili lenyewe lilikuwa jembamba. Akaweka kidole.

"Fundi, psi nane zimekwenda wapi? Kunavuja hapa, na wewe ukaendelea na kazi?"

Nikamwambia, sheikh, tazama joto kwenye tepu. Gesi iliyofungiwa ikipoa, presha inashuka. Nikaomba karatasi. Unaongeza 273 kwenye joto, inakuwa 306 alasiri na 300 asubuhi. Presha ya geji unaiongeza 15 za hewa, inakuwa 415. Zidisha 415 kwa 300, gawa kwa 306, unapata karibu 407. Ondoa zile 15, ni 392. Bomba halikuvuja, asubuhi ilikuwa na baridi tu. Na povu nililipaka tena asubuhi ile, picha ukurasa unaofuata. Bila ya zile nambari mbili za joto ningebaki kuapa wallahi, na kiapo si ushahidi.

Akanijaribu upande mwengine. "Nitrojeni imekwisha, mteja anakufokea, jirani ana mtungi wa oksijeni wa kuchomelea. Ni presha tu, si ndiyo?" Hili huulizwa kwa upole ili ulikubali. Nikasema hata kidogo: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inaripuka. Nafunga kazi, mteja afoke. Mwenzangu aliyeingia kabla yangu alijibu "naitia kidogo kidogo", akarudishwa.

Baada ya hapo yalikuwa mepesi: kuvuta vakyumu, kufunga pampu na kutazama kama sindano inapanda, kupima gesi kwenye mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Ukifanya kila siku mdomo unakwenda wenyewe. Ukiulizwa, anza na "mimi nilifanya", usianze na "fundi anatakiwa". Alinikatiza mara nilipoteleza kwenye hilo.

Cheti nimepata, ila kwa mashine za ukutani peke yake. Vyumba baridi vya samaki havikuguswa, kwa kuwa sikuwa na ushahidi wake. Sasa natembea na tepu na kalamu mfukoni, na kijana wangu ameshaanza kulalamika kuwa simu yake imejaa picha za geji.