Video ya sekunde 38 katikati ya mada yangu

Mada ilikuwa ya dakika 20, kuhusu kuinua mizigo bila kuumiza mgongo. Nilikuwa na video ya dakika nne ya mfanyakazi wa ghala akipanga maboksi, naye alikuwa ameniruhusu kuionyesha. Mara ya kwanza nilifungua mada kwa video yote. Nilipouliza wameona nini, mmoja akasema jamaa ana nguvu, mwingine akataja kelele za ghala. Kiuno chake hakikutajwa kabisa, na ndicho nilichotaka wakione. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuwaambia watazame wapi.

Nikaanza kuikata kwa kutafuta tukio moja tu: pale anapojipinda kiuno huku boksi zito liko mikononi na miguu yake haijasogea. Kabla ya hapo nikabakiza mnyanyuo mmoja mzima, ili macho yazoee mwendo wake, na baada ya hapo sekunde chache za kuweka boksi chini. Zikapatikana sekunde 38.

Kwenye PowerPoint niliingiza faili lenyewe kwa Insert, Video, This Device, maana kiungo hukatika ukihamia kompyuta nyingine. Trim Video iko ndani ya Playback. Hapo hapo kwenye Start nilichagua In Click Sequence. Ukiweka When Clicked On, lazima upeleke mshale wa kipanya juu ya video yenyewe, na rimoti ya mkononi haitakusaidia. Sauti niliizima, kwa kuwa kelele za ghala hazikuwa na cha kufundisha.

Kisha nikaihamishia dakika ya nane, baada ya kueleza kwa mchoro kwamba mgongo huumia zaidi ukiinama na kujipinda kwa pamoja. Video inapofika, picha yake ya kwanza inasimama kwenye skrini bila kucheza. Hapo nasema sentensi mbili tu: “Tazameni vidole vya miguu yake vinaelekea wapi. Halafu tazameni mabega.” Nabonyeza, nanyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko nilivyodhani, lakini nikizungumza wananitazama mimi.

Ikiisha nairudia, na safari hii naisimamisha pale pale kwenye tukio. Vidole vinaelekea kwenye rafu, mabega yameelekea pembeni kabisa. Simwambii mtu jibu. Nauliza: “Angefanya nini tofauti?”

Mara ya pili niliyoitoa mada hii, mama mmoja wa safu ya nyuma alisimama, akabeba mkoba wake kwa mikono miwili, akasogeza mguu kwanza kisha mwili ukafuata. Slaidi tatu nilizokuwa nimeziandaa kueleza hatua hiyo nikaziruka.