Saruji na ukuta wa matumbawe

Leo mchana hapa Dodoma, pale Majengo, fundi mmoja ametazama picha ya ukuta uliochakaa wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani kwenye simu yangu akasema: "Si wapige saruji tu, yaishe?"

Hapana, ndugu zangu. Yataanza hapo!

Ukuta ule ni mawe ya matumbawe, yana vitundu kama sponji. Yananyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, kisha maji hutokea kwenye viungo vya chokaa kati ya mawe na kukauka.

Ukiziba viungo kwa saruji, maji yanapita kwenye jiwe lenyewe. Chumvi inaganda ndani na kulimega.

Dalili yake huwezi kuikosa: saruji imebaki imetokeza kama fremu, jiwe la katikati limeliwa, na chini kuna unga mweupe.

Dawa ni chokaa iliyozimwa vizuri, kwa kawaida sehemu 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa baharini. Kisha ifunikwe magunia mabichi, isikauke haraka ikapasuka.

Kiungo lazima kiwe dhaifu kuliko jiwe. Hilo fundi wangu amelikataa katakata.

Mafundi wa Kilwa, Bagamoyo, Pangani, mnasemaje?