Ninavyosoma picha ya kopo la maziwa ya mtoto

Picha nyingi ninazotumiwa ili nitafsiri maelekezo kwa Kiswahili ni za makopo yaliyoletwa na ndugu kutoka Omani. Maelekezo yake yana Kiarabu, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Tano ya Kiarabu (٥) ni kiduara, mtu huiona sifuri. Sifuri yenyewe (٠) ni nukta tu, na mwanga ukimulika bati hupotea pichani. Saba (٧) na nane (٨) ni umbo moja lililopinduliwa, kwa hiyo picha ikija kichwa chini, 7 inasomeka 8. Nikiona shaka, naomba ipigwe tena bila mweko, kopo likiwa wima, mara tatu likizungushwa, maana jedwali limejikunja pembeni na mstari wa mwezi wa kwanza huangukia vijiko vya mwezi wa tatu.

Kisha naihakiki kwa hesabu. Kopo likisema kijiko kimoja kwa mililita 30, basi 90 ni vijiko 3 na 150 ni vijiko 5. Safu isiyogawanyika hivyo nimeisoma vibaya. Sichukui uwiano wa kopo jingine, kwani yapo ya kijiko kwa mililita 60, wala sikubali kijiko cha kopo jingine.

Ninapoandika kwa Kiswahili, 90 inabaki 90. Mama mmoja aliniuliza, "Dada, si nijaze tu hadi mia, mstari wake unaonekana vizuri?" Vijiko 3 kwenye 100 ni maziwa mepesi kwa sehemu moja ya kumi, kila mlo, usiku na mchana. Mtoto anajaa tumbo na uzito haupandi. Kosa la upande wa pili ni kutangulizia unga, kisha kujaza maji hadi 90. Unga nao una nafasi yake: maji 90 yakitiwa vijiko 3 hufika karibu 100. Aliyetanguliza unga ametia maji kama 80, na maziwa mazito hivyo humpa mtoto chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kutoa. Kwa hiyo ni maji kwanza, chupa ikiwa mezani, jicho usawa wa mstari, kisha kijiko kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu safi, bila kushindilia.

Joto nalo siandiki "vuguvugu". Unga wa kopo hauna uhakika wa kutokuwa na vijidudu, na Shirika la Afya Duniani linataka maji yasiyopungua nyuzi 70 ili viuawe. Bila kipimajoto, chemsha lita 1 na usiiache ipoe zaidi ya dakika 30. Maji kidogo hupoa upesi zaidi. Ukishachanganya, poza chupa iliyofungwa chini ya bomba, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono, ndipo umnyweshe. Yasiyonywewa ndani ya saa 2 yamwagwe.