Sampuli moja, namba tatu: 432, 450 na 483

Jaribio lilikuwa la kulinganisha bandeji mbili kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji: ile ya kawaida ya wodini, na mpya yenye dawa ya kuua vijidudu. Kipimo kikuu kilikuwa kimoja: je, jeraha limepata maambukizi ndani ya siku 30, ndiyo au hapana? Rejista ya wodi ilionyesha mama 20 kati ya 100 wakipata maambukizi. Daktari aliyeongoza utafiti alisema hawezi kubadilisha utaratibu wa wodi kwa faida ndogo. Bandeji mpya ingepaswa kushusha idadi hiyo hadi 10 kati ya 100. Tulikubaliana nguvu ya utafiti iwe asilimia 80, na kosa la aina ya kwanza asilimia 5 kwa pande zote mbili.

Jambo la pili tulilokubaliana ndilo lililotufikisha kwenye kikao ninachokikumbuka. Mgawanyo haukuwa nusu kwa nusu. Kwa kila mama mmoja wa bandeji ya kawaida, wawili wangepewa bandeji mpya, kwa kuwa hatukujua ngozi ingeipokeaje na tulitaka kuyaona madhara yake kwa watu wengi. Hiyo ni sababu halali. Jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya R21, lililoshirikisha watoto wa Bagamoyo na Kilifi, nalo liligawa mbili kwa moja. Lakini mgawanyo wa namna hiyo una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa idadi ya watu.

Siku ya kupitisha itifaki, watu watatu walikuja na namba tatu. Mtakwimu kijana wa timu alikuwa na 432. Msimamizi wa data alikuwa na 450. Mimi nilikuwa na 483. Daktari alizitazama zote ubaoni akauliza, "Hesabu ni moja, majibu yanakuwaje matatu?"

Lilikuwa swali la haki, na hakuna kati yetu aliyekosea kujumlisha. Ilibidi kila mmoja aeleze namba yake imetoka wapi.

Msimamizi wa data alianzia kwenye makundi sawa. Kwa 20 dhidi ya 10 kwa mia, makundi yaliyo sawa yanahitaji watu 199 kila upande, jumla 398. Kisha alitumia kanuni ya haraka: ikiwa kundi moja ni mara `k` ya jingine, zidisha jumla kwa `(k+1)^2/(4k)`. Kwa mbili kwa moja hiyo ni 9/8, yaani 1.125. Jumla inafika karibu 448, na ili igawanyike kwa tatu inakuwa 450. Kanuni hii inafaa kwa makadirio ya mezani, na inaonyesha vizuri kwa nini watu husita kwenda mbali zaidi: kwa tatu kwa moja kizidishi ni 1.33, kwa nne kwa moja ni 1.56. Udhaifu wake ni kwamba huchukulia mtawanyiko wa makundi yote mawili kuwa sawa. Kwetu haukuwa sawa. Mtawanyiko wa uwiano ni `p(1-p)`: kwa bandeji ya kawaida 0.20 × 0.80 = 0.16, kwa mpya 0.10 × 0.90 = 0.09.

Hata hivyo alikuwa salama kuliko wengi. Kosa ninaloliona mara kwa mara katika itifaki ni kuchukua ile 398 ya makundi sawa na kuigawa tu mbili kwa moja, 265 na 133, kana kwamba jumla ndiyo inayobeba nguvu. Kwa namba hizo nguvu hushuka hadi asilimia 77 au 72, kulingana na kipimo cha takwimu utakachotumia. Na hapo kwenye "kulingana na kipimo" ndipo ilipokuwa tofauti kati yangu na yule kijana.

Niliandika kanuni zote mbili kwenye kompyuta, zikaonekana ukutani:

```r
p1 <- 0.20; p2 <- 0.10; k <- 2   # k = mpya / kawaida
za <- qnorm(0.975); zb <- qnorm(0.80)
v  <- p1*(1-p1) + p2*(1-p2)/k
pm <- (p1 + k*p2)/(1 + k)
n_pamoja <- (za*sqrt(pm*(1-pm)*(1+1/k)) + zb*sqrt(v))^2/(p1-p2)^2
n_mbali  <- (za + zb)^2 * v/(p1-p2)^2
```

Mstari wa `n_pamoja` unatoa 143.3, yaani mama 144 wa bandeji ya kawaida na 288 wa mpya: 432. Mstari wa `n_mbali` unatoa 160.9, yaani 161 na 322: 483. Ile 143.3 na ile 160.9 ni idadi ya kundi dogo, na unakadiria kwenda juu kwanza ndipo uzidishe kwa `k`.

Tofauti yake ni hii. Kanuni ya kijana inaendana na jaribio la kai mraba, ambalo huanza kwa kudhani bandeji hazitofautiani. Kwa dhana hiyo huunganisha makundi na kutumia kiwango kimoja cha maambukizi, `pm`, kupata kosa sanifu. Kanuni yangu inaendana na tofauti ya uwiano pamoja na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, ambapo kila kundi hubaki na mtawanyiko wake. Makundi yakiwa sawa, uchaguzi huu hausumbui mtu: njia moja inatoa 199 kila upande, nyingine 197. Ndiyo maana watu hufanya kazi miaka mingi bila kujua kwamba programu yao imewachagulia mojawapo. Ukigawa mbili kwa moja, pengo linakuwa watu 51.

Kijana hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika. "Dada, kwa nini kuunganisha kunipunguzie watu?" Tukachukua 144 na 288 tukazipima ubaoni. Kwa kuwa theluthi mbili ya washiriki wako kwenye kundi lenye maambukizi machache, kiwango cha pamoja kinavutwa chini hadi 0.133. Kosa sanifu la kuunganisha linakuwa 0.0347. Kosa sanifu la kweli, kila kundi likibaki na lake, ni 0.0377. Kai mraba hupima tofauti kwa ile ndogo, kwa hiyo tofauti ya 0.068 tayari inahesabika kuwa ya maana; masafa ya uhakika yanataka 0.074. Kwa watu walewale 432, nguvu ya kai mraba ni asilimia 80, na nguvu ya masafa ya uhakika ni kama 75.

Kijana akauliza ingekuwaje tungepeleka wengi upande wa bandeji ya kawaida. Akabadilisha `k` kuwa 0.5, na namba zikapinduka: njia ya kuunganisha ikataka 464, njia ya kutenganisha ikataka 401. Nilifurahi kwamba aliuliza, kwa sababu jibu hilo linafichua jambo ambalo kanuni ya 9/8 haiwezi kulisema. Kundi lenye mtawanyiko mkubwa ndilo linalohitaji watu wengi zaidi. Kwa 0.16 na 0.09, mgawanyo wenye jumla ndogo kabisa kwa njia ya kutenganisha ni kawaida nne kwa mpya tatu. Sisi, kwa sababu ya madhara ya ngozi, tulikuwa tunakwenda kinyume chake, na tulipaswa kujua bei yake.

Hapo hapo kuna mtego wa kompyuta. Katika Stata, `nratio()` ni kundi la pili likigawanywa kwa la kwanza. Ukiandika 0.10 kabla ya 0.20 na kuacha `nratio(2)`, umeipa bandeji ya kawaida watu mara mbili bila kukusudia, na jumla itaruka kupita 460. Kinga yake ni rahisi: soma idadi ya kila kundi, usisome jumla peke yake, na uhakikishe kundi kubwa limekaa upande wa 0.10. `power.prop.test` ya R haina tatizo hilo kwa sababu haina uwiano kabisa; inahesabu makundi sawa tu.

Kwa hiyo swali la daktari lilirudi kwake likiwa swali jingine: matokeo makuu yataripotiwaje? Alijibu bila kusita. Alitaka kuwaambia wakunga kwamba bandeji inapunguza maambukizi kwa mama kadhaa katika kila mia, kati ya idadi hii na ile. Hiyo ni tofauti ya uwiano na masafa yake. Mpango wa uchambuzi ukiandikwa hivyo, namba yake ni 483. Angesema jibu kuu litakuwa thamani ya p ya kai mraba, ningeitetea 432 ya kijana bila wasiwasi. Kisichofaa ni kuhesabu sampuli kwa njia moja na kuchambua kwa nyingine.

Kilichobaki kilikwenda haraka. Tulitarajia kupoteza asilimia 10 ya akina mama kabla ya siku ya 30, hivyo tukagawanya kwa 0.9, hatukuzidisha kwa 1.1: 161 ikawa 179, na 322 ikawa 358, jumla 537. Rasimu ilikuwa na vifungu vya bahati nasibu vya watu wanne wanne, ambavyo haviwezi kugawanyika mbili kwa moja. Tukaweka vya watatu na sita vikichanganywa, ili muuguzi asiweze kubashiri bahasha inayofuata.

Kabla ya kufunga, daktari aliuliza kama ile 20 kwa mia itasimama. Wodi inayofanyiwa utafiti huosha mikono zaidi. Tukijaribu 15 kushuka hadi 7.5, nusu ileile, sampuli inapanda hadi 227 na 454, jumla 681 kabla ya kuongeza watakaopotea. Tukaandika kwenye itifaki kwamba mama 240 wa kwanza wakimaliza siku 30, msimamizi wa data atahesabu maambukizi yote kwa pamoja bila kufungua makundi. Kwa mpango wetu yangekuwa kama 32. Yakikaribia 24, hali inafanana na ile ya 15 kwa mia. Maambukizi machache yanaweza pia kutokana na bandeji mpya kufanya kazi kuliko tulivyotegemea, na hesabu ya pamoja haiwezi kutenganisha mambo hayo mawili, hivyo tukaruhusu sampuli iongezwe tu, isipunguzwe.